Gramu 0.7 kwa Gramu 1.0: Hesabu ya Bafa katika Slaidi ya Malaria

Maabara zinazotafuta vimelea vya malaria kwa hadubini huwa na chupa ya maji maangavu ambayo mgeni angeyadhania kuwa ya kunywa. Maelekezo ya kuyatengeneza, ambayo Shirika la Afya Duniani limeyasambaza kwa wataalamu wa maabara, ni mafupi. Pima gramu 0.7 za KH2PO4 na gramu 1.0 ya Na2HPO4, yeyusha zote mbili katika maji yaliyokenekwa, kisha jaza hadi lita moja. Maji hayo yanatakiwa kuwa na pH ya 7.2, na ndiyo yanayotumika kuzimulia rangi ya Giemsa kabla haijamwagwa juu ya tone la damu lililokaushwa kwenye slaidi.

Mwanafunzi wa kemia wa Kidato cha Sita hukutana na jambo hilohilo akiwa darasani. Anapewa asidi dhaifu na chumvi yake, anatajiwa pH inayotakiwa, kisha anaulizwa achanganye kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile. Wengi hulijibu swali hilo kwa kanuni waliyoikariri, wakapata alama zao na kuendelea. Lakini ukiichukua kanuni hiyohiyo na kuitumia kwa chupa ya slaidi, jibu lake halilingani na gramu 0.7 kwa gramu 1.0. Kanuni haina kosa, na maelekezo nayo hayana kosa. Anayeelewa kwa nini viwili hivyo vinatofautiana ameelewa bafa kuliko aliyekariri kanuni peke yake.

Kwa nini iwe 7.2

Rangi ya Giemsa ina jina la mkemia Mjerumani, Gustav Giemsa, ambaye kati ya mwaka 1895 na 1898 alifanya kazi ya ufamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania. Baadaye alihamia Hamburg, na mwaka 1904 akachapisha namna yake iliyoboreshwa ya kutia rangi. Ndani ya rangi hiyo mna makundi mawili yanayovutana kwa chaji. Kundi la kwanza ni eosini, nyekundu, yenye chaji hasi. La pili ni rangi za jamii ya methilini bluu, zenye chaji chanya. Kimelea kinapotiwa rangi vizuri, kiini chake huonekana chekundu na ute wake huonekana wa bluu, na kwa tofauti hiyo mpimaji hukitambua.

Kazi hiyo inategemea pH. Protini za damu hubeba ioni za haidrojeni, na idadi ya ioni hizo hupanda au kushuka kufuatana na pH ya maji yaliyozizunguka. pH ikiwa chini, protini hujaa ioni, chaji chanya inaongezeka, na eosini inavutwa kwa wingi. Slaidi inakuwa nyekundu kupita kiasi na ute wa kimelea unafifia. pH ikiwa juu mno, mambo yanageuka na bluu inatawala kila kitu. Kwenye 7.2 rangi zote mbili hukaa mahali pake, na hata vidoa vya Schüffner, vinavyosaidia kuwatambua *Plasmodium vivax* na *Plasmodium ovale*, huonekana vyema. Kwenye 6.8, pH ambayo maabara nyingi hutumia kwa uchunguzi wa kawaida wa damu, vidoa hivyo hufifia.

Maji yaliyokenekwa peke yake hayafai. Yakiachwa wazi hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani, na pH yake hushuka hadi karibu 5.6. Maji ya bomba na ya kisima yana pH tofauti kila mahali. Zaidi ya hayo, maji matupu hayana uwezo wa kujilinda, kwani tone dogo la asidi au la besi hutosha kuyapeleka mbali. Kwa hiyo hapa panahitajika bafa, yaani myeyusho ambao pH yake haiyumbi kirahisi.

Asidi ni ipi, chumvi ni ipi

Bafa hujengwa kwa vitu viwili vinavyokaa pamoja: asidi dhaifu yenye ioni za haidrojeni za kutoa, na mwenzake ambaye amekwisha kuitoa ioni hiyo na yuko tayari kuipokea tena. Besi ikiingia, asidi inatoa ioni na kuizima. Asidi ngeni ikiingia, mwenzake anaipokea ioni yake. Vitabu vya shule humwita mwenzake huyo chumvi, kwa sababu mara nyingi huongezwa kama chumvi ya sodiamu au ya potasiamu.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huanza kupotea, kwa sababu katika chupa ya slaidi vyote viwili ni chumvi. KH2PO4 ni unga mweupe, Na2HPO4 ni unga mweupe, na hakuna chochote kati yake kinachofanana na asidi iliyo katika chupa yenye alama ya hatari. Njia ya kuvitofautisha ni kuhesabu haidrojeni. Weka kando potasiamu na sodiamu, maana hizo hazishiriki. Kinachobaki ni H2PO4⁻ upande mmoja na HPO4²⁻ upande wa pili. Ya kwanza ina haidrojeni mbili, ya pili ina moja. Yenye haidrojeni zaidi ndiyo asidi ya jozi hiyo, na yenye pungufu ndiyo inayoitwa chumvi katika kanuni:

H2PO4⁻ ⇌ H⁺ + HPO4²⁻

Kila asidi dhaifu ina namba yake, pKa, inayoonyesha jinsi ilivyo ngumu kuiachia ioni ya haidrojeni. Kwa jozi hii, katika nyuzi 25 za Selsiasi, pKa ni 7.20. Namba hiyo inasema kwamba asidi na chumvi zikiwa sawa kwa idadi, pH inalingana na pKa. Ukitaka kwenda juu au chini ya hapo, badilisha uwiano.

Uwiano na wingi

Kanuni inayounganisha mambo haya ilianza kwa Lawrence Henderson, Mmarekani aliyeiandika mwaka 1908. Mwaka uliofuata Søren Sørensen, akiwa katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, alileta kipimo cha pH. Miaka michache baadaye Mdenmarki mwingine, Karl Hasselbalch, akaiandika kanuni ya Henderson kwa kutumia logi, na hivi ndivyo inavyofundishwa hadi leo:

pH = pKa + log([chumvi] / [asidi])

Hesabu za shule karibu zote zimo katika mstari huo. Anayetafuta uwiano anaugeuza:

[chumvi] / [asidi] = 10^(pH − pKa)

Ndani ya mstari huo hakuna neno linalotaja wingi wote wa chumvi na asidi. Uwiano ukiwa 2 kwa 1, kanuni inatoa pH ileile, iwe umetumia moli mbili kwa moja au milimoli mbili kwa moja. Ujazo nao unajifuta, kwa sababu chumvi na asidi zimo katika lita ileile. Ndiyo maana katika hesabu unaweza kutumia moli moja kwa moja, bila kwanza kutafuta molari ya kila kimoja.

Wingi, hata hivyo, una kazi yake. Ni kama kusonga ugali: uwiano wa unga na maji huamua ugumu wake, na ukubwa wa sufuria huamua watakula watu wangapi. Katika bafa, uwiano huamua pH, na wingi huamua ni kiasi gani cha asidi au besi ngeni kinachoweza kuingia kabla pH haijaharibika. Maswali mengi ya mtihani yanayowashinda wanafunzi ni yale yanayodai mambo haya mawili kwa pamoja: swali linataja pH na pia linataja jumla ya moli, na mwanafunzi anatumia namba moja mahali pa nyingine.

Kuchagua jozi kabla ya kuchagua uwiano

Tuseme mtu anataka pH ya 7.2 na kabatini ana asidi ya siki, yaani asidi etanoiki, pamoja na chumvi yake ya sodiamu. pKa ya asidi hiyo ni 4.76. Kanuni haimzuii. Anatoa 4.76 kwenye 7.2, anapata 2.44, na 10 kwa kipeo cha 2.44 ni karibu 275. Atahitaji sehemu 275 za chumvi kwa sehemu moja ya asidi. Kwenye karatasi jibu hilo ni sahihi.

Sasa tulipime kwa vitendo. Lita moja ya maji ya slaidi ina jumla ya milimoli 12 hivi za asidi na chumvi. Ukigawa milimoli 12 kwa uwiano wa 275 kwa 1, asidi inayobaki ni milimoli 0.043 tu. Mtu akidondosha kwa bahati mbaya nusu mililita ya sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, yaani milimoli 0.05 za besi, asidi yote imekwisha. Baada ya hapo hakuna wa kuizima besi, na pH inaruka. Bafa ya namna hiyo ina ulinzi wa upande mmoja tu.

Ukiingiza besi hiyohiyo katika chupa ya fosfeti yenye zaidi ya milimoli 5 za asidi, uwiano hausogei sana, na pH hupanda kwa chini ya sehemu moja ya mia. Ndiyo sababu ya ushauri wa kuchagua asidi ambayo pKa yake haiko mbali na pH inayotakiwa kwa zaidi ya 1, juu au chini. Ndani ya mipaka hiyo uwiano huwa kati ya 1 kwa 10 na 10 kwa 1, na pande zote mbili zina akiba. Kadiri pKa inavyokaribia pH unayoitaka ndivyo ulinzi unavyokuwa imara zaidi. Fosfeti yenye 7.20 inafaa kwa 7.2. Asidi etanoiki ingefaa kwa mtu anayetaka 4.5 au 5.

Jibu la kitabu

Sasa tulifanye swali lenyewe. Tengeneza lita moja ya bafa ya fosfeti yenye pH 7.2 na jumla ya milimoli 12 za asidi na chumvi. pKa ni 7.20.

Tofauti ya pH na pKa ni sifuri, na 10 kwa kipeo cha sifuri ni 1. Uwiano ni moja kwa moja. Milimoli 12 zinagawanywa nusu kwa nusu: 6 za asidi na 6 za chumvi. Moli moja ya KH2PO4 ina gramu 136.1, kwa hiyo milimoli 6 ni gramu 0.82. Moli moja ya Na2HPO4 ina gramu 142.0, kwa hiyo milimoli 6 ni gramu 0.85.

Mtihani ungetoa alama zote kwa jibu hilo. Lakini maelekezo ya maabara yanasema gramu 0.7 na gramu 1.0. Tukizigeuza kuwa milimoli, 0.7 kugawanya kwa 136.1 ni milimoli 5.14 za asidi, na 1.0 kugawanya kwa 142.0 ni milimoli 7.04 za chumvi. Uwiano ni 1.37. Logi yake ni 0.14, na kanuni inasema pH itakuwa 7.34. Kwa hesabu ya darasani, basi, maelekezo yamezidisha chumvi.

Ukitengeneza vyote viwili na kuvipima kwa mita iliyosanifiwa vizuri, utaona kinyume chake. Bafa ya nusu kwa nusu itasoma karibu 7.0, na ile ya maelekezo itakuwa kati ya 7.1 na 7.2. Maelekezo yamelikaribia lengo kuliko jibu la kitabu.

Namba 7.20 inatoka katika maji yasiyo na msongamano

Sababu iko kwenye pKa. Namba 7.20 iliyoandikwa kwenye majedwali ni ya hali ya kufikirika, ambamo ioni ni chache kiasi kwamba hakuna inayoisumbua nyingine. Katika myeyusho halisi ioni zimejaa. Kila HPO4²⁻, yenye chaji hasi mbili, inazungukwa na wingu la sodiamu na potasiamu zenye chaji chanya. Wingu hilo linaituliza na kuifanya iwe rahisi kuwepo. H2PO4⁻ nayo hutulizwa, lakini kidogo tu, kwa sababu ina chaji hasi moja, na athari hii huongezeka kwa mraba wa chaji. Matokeo yake ni kwamba asidi inaiachia ioni yake kwa urahisi kuliko jedwali linavyosema, na pKa inayofanya kazi ndani ya chupa inakuwa ndogo.

Wanakemia hupima msongamano huo kwa kujumlisha ukolezi wa kila ioni uliozidishwa kwa mraba wa chaji yake, kisha kugawanya kwa 2. Kwa chupa yetu jumla hiyo ni karibu 0.026. Ukiitia katika kanuni ya marekebisho ya chaji, pKa ya fosfeti inashuka kwa takriban 0.2, kutoka 7.20 hadi karibu 7.0.

Tuirudie hesabu kwa pKa ya 7.0. Kwa uwiano wa maelekezo, 7.0 ongeza 0.14 ni 7.14. Kwa uwiano wa kitabu, 7.0 ongeza sifuri ni 7.0. Na kama tunataka 7.2 kamili, uwiano ni 10 kwa kipeo cha 0.2, yaani karibu 1.58. Maelekezo ya gramu 0.7 kwa gramu 1.0 yamesogea kuelekea uwiano huo, na kilichobaki kinarekebishwa kwa kupima.

Si kila asidi hupata badiliko kubwa namna hii. Asidi etanoiki haina chaji kabla ya kutoa ioni, na baada ya kuitoa inakuwa na chaji hasi moja tu. Katika msongamano huohuo pKa yake hushuka kwa kama 0.07, kiasi ambacho mwanafunzi anayepima kwa karatasi ya kiashiria hawezi kukiona. Ndiyo maana mazoezi ya shule yanayotumia asidi etanoiki huonekana kukubaliana na kanuni vizuri, na yale ya fosfeti huwashangaza watu.

Jambo hili lina athari nyingine kwa anayetengeneza myeyusho mzito ili auzimue baadaye. Wingi wa ioni ukipungua, pKa hupanda kurudi kuelekea 7.20, na pH hupanda nayo. Kwa hiyo bafa ya fosfeti iliyorekebishwa hadi 7.2 ikiwa nzito haitakuwa 7.2 baada ya kuzimuliwa mara kumi. pH ipimwe katika ukolezi utakaotumika.

Maji yaliyojificha ndani ya unga

Kosa lililo rahisi kulifanya linatoka kwenye lebo. Na2HPO4 huuzwa katika sura zaidi ya moja: kavu kabisa, yenye molekuli 2 za maji, au yenye molekuli 12 za maji. Zote ni nyeupe na zote huandikwa kwa jina linalokaribiana. Moli ya unga mkavu ina gramu 142, ya wenye maji 2 ina gramu 178, na ya wenye maji 12 ina gramu 358.

Mtu akichota gramu 1.0 ya aina ya maji 12 akidhani ni kavu, zaidi ya nusu ya alichopima ni maji. Amepata milimoli 2.8 za chumvi badala ya 7. Uwiano unashuka kutoka 1.37 hadi 0.54, na pH inakuwa karibu 6.8. Mizani haitamwonya, na maji yatakuwa maangavu kama kawaida. Dalili zitaonekana kwenye mita, au kwa asiye na mita, kwenye slaidi yenyewe: wekundu umezidi, ute wa vimelea umepauka, na vidoa vya Schüffner havionekani.

Dawa yake ni kusoma kanuni ya kemikali kwenye lebo hadi mwisho, pamoja na alama ya nukta na H2O inayofuata, kisha kupima kwa moli. Gramu 1.0 ya unga mkavu inalingana na gramu 1.25 za wenye maji 2 na gramu 2.52 za wenye maji 12. Swali la mtihani linalotaja Na2HPO4·12H2O linapima jambo hilihili, na anayetumia gramu 142 atakosa jibu hata kama logi zake zote ni sahihi.

Swali linapotoa asidi na besi badala ya chumvi

Wakati mwingine chumvi haipo. Unapewa asidi dhaifu na sodiamu haidroksaidi, na unatakiwa uitengeneze chumvi mwenyewe. Hapa mwanafunzi hukosea kwa namna moja mara nyingi: anaacha asidi ikiwa yote, kisha anahesabu chumvi kana kwamba imetoka nje. Kila milimoli ya sodiamu haidroksaidi hula milimoli moja ya asidi na kuzaa milimoli moja ya chumvi. Jumla haibadiliki.

Tuchukue milimoli 12 za KH2PO4, yaani gramu 1.63, na tutake pH ya 7.2 kwa pKa halisi ya 7.0. Uwiano ni 1.58 kwa 1, hivyo jumla ya sehemu ni 2.58. Chumvi ni 1.58 kugawanya kwa 2.58, sawa na asilimia 61. Asilimia 61 ya milimoli 12 ni milimoli 7.3. Hizo ndizo milimoli za sodiamu haidroksaidi zinazohitajika, na zinapatikana katika mililita 73 za myeyusho wa 0.1 M. Asidi inayobaki ni milimoli 4.7. Ongeza maji hadi lita moja, na bafa imekamilika bila Na2HPO4 kuguswa.

Kuna namna rahisi ya kujikagua kabla ya kuandika jibu. Kama pH inayotakiwa iko juu ya pKa, chumvi lazima iwe nyingi kuliko asidi. Kama iko chini, asidi lazima iwe nyingi. Jibu linalosema vinginevyo limegeuza uwiano juu chini, na kosa hilo linaonekana kwa macho bila kikokotoo.

Kurekebisha kwa mita

Hesabu inakufikisha karibu, kisha mita inamalizia. Kwanza mita isanifiwe kwa myeyusho sanifu wa pH 7, na mwingine wa pH 10 au 4, kwa sababu mita isiyosanifiwa inaweza kukosea kwa kiasi kilekile unachojaribu kurekebisha. Kisha andaa mieyusho miwili midogo ya asilimia 2, yaani gramu 2 katika mililita 100, mmoja wa Na2HPO4 na mwingine wa KH2PO4. pH ikiwa chini ya 7.2, ongeza wa kwanza. Ikiwa juu, ongeza wa pili.

Kiasi chake nacho kinaweza kukadiriwa. Tuseme mtu alifuata jibu la kitabu, milimoli 6 kwa 6, na mita inasoma 7.0. Ili afike 7.2 anahitaji chumvi mara 1.58 ya asidi, yaani milimoli 9.5. Anazo 6, kwa hiyo anapungukiwa na 3.5, ambazo ni gramu 0.5 za Na2HPO4 kavu. Hizo zimo katika mililita 25 za ule myeyusho wa asilimia 2. Anaongeza kwanza mililita 20, anakoroga, anasubiri namba itulie, kisha anamalizia kidogo kidogo. Huenda akahitaji kupita 25 kidogo, kwa sababu kila ioni anayoiongeza inazidisha msongamano na kuishusha pKa tena.

Marekebisho hufanywa kwa chumvi za jozi ileile ili ndani ya chupa pasiingie kitu kigeni. Anayetumia asidi haidrokloriki au sodiamu haidroksaidi atafika kwenye pH ileile, lakini ni rahisi zaidi kupitiliza, na kila akirudi nyuma anaacha chumvi ya ziada katika myeyusho.

Kwa mwanafunzi, maana yake ni kwamba jibu la swali la bafa lina sehemu tatu: uwiano kutoka kwenye kanuni, moli kutoka kwenye jumla iliyotolewa, na gramu kutoka kwenye lebo halisi ya unga. Akiandika pia pKa aliyoitumia, msomaji wa jibu lake atajua limeanzia wapi. Aliye maabara anaongeza sehemu ya nne, ambayo ni kuandika kwenye chupa pH iliyosomwa na mita pamoja na tarehe. Hailingani daima na pH iliyokokotolewa, na slaidi itatiwa rangi kwa hiyo iliyosomwa.